Chawa wa kichwani wamerudi: kabla hujailaumu dawa

Dhana: Chawa wakirudi baada ya wiki, dawa ilikuwa feki.

Mara nyingi kisa ni mayai. Chukua binti aliyerudi Bombo likizoni kutoka shule ya bweni, nywele zimesukwa, anajikuna kisogoni na nyuma ya masikio. Jumamosi mama yake anafumua misuko yote, anamwosha kwa shampuu bila kondishena, kwa sababu kondishena huzuia dawa kushika. Anakausha kwa taulo, anapaka losheni ya pamethrini ya asilimia 1, anangoja dakika 10, anasuuza. Chawa wanakufa, lakini mayai yaliyogandia unyweleni yanabaki salama, na huanguliwa ndani ya siku 7 hadi 10. Chawa mchanga naye huhitaji siku 9 au zaidi kabla ya kutaga. Kwa hiyo dawa inarudiwa siku ya 9, yaani Jumatatu ya pili baada ya Jumamosi hiyo, kabla hao wapya hawajataga. Wengi wanaruka hatua hii, kisha duka la dawa linalaumiwa.

Dawa iliyoshindwa kweli utaijua mapema: saa 8 hadi 12 baada ya kupaka, chawa bado wanakimbia kama jana. Hapo mwone mhudumu wa afya akubadilishie. Wakijikokota tu, endelea kuchana.

Dhana: Kuchana ni kupitisha chanuo mara moja.

Lowesha nywele, paka kondishena nyingi, tangulia na chanuo pana ili kufungua mafundo. Nywele za kipilipili zitakatika usipofanya hivyo. Gawanya mafungu madogo. Weka chanuo la meno yaliyobanana kwenye ngozi kabisa, vuta hadi ncha, halafu lifute kwenye kitambaa cheupe kila unapovuta, uone kilichotoka. Rudia kila baada ya siku 3 kwa wiki mbili. Kitu cheupe kinachopukutika ni mba. Yai halibanduki kirahisi, na lililo mbali na ngozi kwa zaidi ya milimita 6 kwa kawaida limeshaanguliwa au limekufa.

Dhana: Mafuta ya taa ndiyo kiboko yake.

Tafadhali, usimpake mtoto. Yanaunguza ngozi ya kichwa, na karibu na sigiri kichwa kinaweza kushika moto. Dawa ya kupulizia mende nayo ni sumu kwake.

Dhana: Godoro lichomwe, nyumba nzima ifuliwe.

Chawa hawaruki, hutambaa kutoka kichwa hadi kichwa, watoto wanapolala au kucheza wakiwa wamegusana. Nje ya kichwa hufa ndani ya siku moja au mbili. Fua kwa maji ya moto shuka, foronya, hijabu na kofia zilizotumika siku mbili zilizopita, anika juani, piga pasi. Kisichofulika kifunge kwenye mfuko wa plastiki wiki mbili. Machanuo yaloweke dakika 10 kwenye maji ambayo mkono hauyavumilii.

Anayelala naye kitanda kimoja apakwe dawa siku ileile. Wengine nyumbani kagua vichwa kwanza.