4.8 kati ya 5 haimaanishi kozi imefanya kazi

Wiki hii tena meneja mmoja kanitumia picha ya fomu za tathmini, wastani 4.8 kati ya 5, na chini kaandika "mafunzo yamefanikiwa". Jamani. Hiyo fomu inajazwa jioni watu wanawaza daladala, na ni ngazi ya kwanza tu kati ya zile nne za Kirkpatrick za kupima mafunzo, za tangu 1959: wamefurahia, wamejifunza, wanayafanya kazini, na kazi yenyewe imepata matokeo. Fomu inakwambia wamefurahia, mwezeshaji mcheshi na pilau lilikuwa zuri. Haikwambii kama yule dada wa kaunta ameacha kusema "nenda dirisha la tatu" huku anachezea simu.

Nikupe mfano. Nilifundisha wahudumu wa kaunta siku mbili, kampuni siitaji, shida yao wateja wenye malalamiko walikuwa wanazungushwa. Igizo moja, mteja kakatwa hela mara mbili, nikawapa asubuhi ya siku ya kwanza na tena jioni ya mwisho. Nilikuwa natiki vitu vitano: umesalimia, umesikiliza bila kumkatisha, umelirudia tatizo lake, umemwambia nini kitafanyika na lini, umeandika kwenye daftari. Asubuhi wengi walipata viwili, jioni vinne au vitano. Hiyo ngazi ya pili, wamejifunza kweli.

Baada ya wiki sita nikaenda kukaa kwenye benchi kama mteja na karatasi ileile, hiyo ndo ngazi ya tatu na ndo wengi wanairuka. Salamu zipo, kusikiliza kupo, ila hakuna hata mmoja anayemwambia mteja atarudishiwa hela lini. Wamesahau? Wapi! Hela inarudishwa kwa saini ya supavaiza, na supavaiza hashindi ofisini, sasa mhudumu aahidi nini? Hapo hata ukirudia kozi mara kumi ni bure, wape kibali cha kurudisha kiasi kidogo wenyewe. Bosi alitaka nirudie kozi, nikakataa.

Eti "wamefaulu mtihani wa mwisho, wamejifunza". Kama hukuwapima kabla utajuaje hawakuwa wanajua?

Na "mauzo yamepanda, kozi imelipa". Ulifundisha Novemba, Desemba watu wananunua hata usipowasalimia bana. Kwa kozi kama hii ngazi ya nne angalia malalamiko yanayorudi mara ya pili, miezi mitatu kabla na mitatu baada, ulinganishe na tawi ambalo halijafundishwa. Hata hapo utakuwa na dalili tu, maana tawi moja likibadilisha meneja hesabu imevurugika.

Wengine nao wanadhani kila kozi lazima ipimwe ngazi zote nne. Hapana, semina ya nusu siku ya mfumo mpya wa foleni ishia ya tatu.

Fomu ya jioni msiitupe, ila toeni "ulifurahia?" wekeni "Jumatatu utafanya nini tofauti, na nani atakukwamisha?" Mimi ningeuliza hivyo, yule supavaiza ningemjua siku ya pili tu, sio baada ya wiki sita.