Tiki za bluu si mama: dhana potofu kuhusu meseji ya asubuhi kwa mzazi anayeishi peke yake

Mama yangu ana miaka 74. Ni mwalimu mstaafu, na anaishi peke yake Tandika katika nyumba waliyoijenga na marehemu baba. Mimi niko Goba. Asubuhi ya foleni, kutoka kwangu hadi kwake ni saa nzima na zaidi, na hapo mvua haijanyesha. Ndiyo maana tuna meseji ya asubuhi. Huu ni mwaka wa nne, na mwaka wa kwanza karibu wote niliikosea. Niliyoyaamini wakati ule bado nayasikia kwa rafiki zangu wenye wazazi Mbagala, Buguruni na Kigamboni.

Dhana: Kuuliza mengi ndiko kujali

Meseji yangu ya mwanzo ilikuwa hivi: "Shikamoo mama. Umeamkaje? Umekunywa dawa? Umekula nini? Umepima presha? Jana mlango ulifunga?" Jibu lilikuwa: "Marahaba baba. Mzima." Kesho yake hivyo hivyo, na keshokutwa. Nikawa naondoka kwenda kazini moyo umetulia.

Ukweli: Mwalimu anaujua mtihani akiuona. Ukimrundikia maswali matano, atakupa jibu moja la kukunyamazisha. Neno "mzima" likishakuwa jibu la kila swali, halikuambii kitu tena; hata siku akiwa anaumwa litakuja lile lile.

Nililigundua hilo kwa aibu. Siku moja nimeenda kumsalimia nikamwona anashika ukuta akishuka kidato cha bafuni. Kumbe alikuwa ameteleza pale wiki tatu nyuma. Asubuhi zote ishirini na moja aliniandikia "mzima". Nilipomuuliza kwa nini hakusema, akanikumbusha jambo nililokwisha kulisahau: mwaka uliotangulia aliponiambia amejikwaa jikoni, neno la kwanza kunitoka lilikuwa, "Basi mama, unahamia kwangu." Tangu siku hiyo, kila habari mbaya kwake ilikuwa na bei yake, na bei ni nyumba yake.

Mzee akificha, mara nyingi si kwamba anakudharau. Anapima utafanya nini na habari hiyo. Kwa hiyo siku akikuambia ameanguka, sentensi yako ya kwanza ndiyo inayoamua kama utaambiwa tena. Siku hizi nauliza, "Pole mama, umeumia wapi?" Halafu nauliza yeye anaonaje tufanye nini. Lile la bafuni alilimaliza mwenyewe: fundi akafunga bomba la kushikia ukutani, kazi ya nusu siku.

Tulibadilisha mambo mawili. Kwanza, sasa anayeanza ni yeye. Ananiandikia kabla ya saa tatu asubuhi, neno lolote, hata "nimeamka" peke yake. Ukiitafakari utaona tofauti: zamani alikuwa anakaguliwa, sasa anatoa taarifa. Pili, maswali ya dawa yalitoka kwenye meseji. Ana kiboksi cha vyumba saba, chumba kimoja kwa kila siku ya wiki, na Jumapili nikienda tunakijaza pamoja. Chumba cha Alhamisi kikiwa bado kina vidonge, tunakiona wote wawili, na hapo ni mazungumzo, hakuna mahojiano. Mimi nikijibu meseji yake ya asubuhi natanguliza habari yangu: "Marahaba" yake nikishaipata, namwambia mjukuu wake amekataa uji, au foleni ya Mbezi imenifunga. Nikiuliza, nauliza moja tu, na liwe ambalo angependa kulijibu hata kama haumwi.

Dhana: Tiki zikiwa za bluu, ameshaamka

Ukweli: Kwenye WhatsApp tiki moja ya kijivu inamaanisha ujumbe umetoka kwako lakini haujafika kwenye simu yake. Mbili za kijivu, umefika. Mbili za bluu, umefunguliwa. Hakuna hata moja inayokuambia nani kaufungua na ana hali gani. Anaweza pia kuzima taarifa ya kusomwa kwenye mipangilio. Hapo utakaa ukisubiri bluu isiyokuja kamwe.

Tiki moja nayo usiitafsiri vibaya. Hapa kwetu sababu zake za kawaida ni tatu: umeme umekatika usiku na simu haikuchajiwa, bando la siku limeisha, au simu imezimwa. Kwa hiyo mama ana kitochi pembeni, kile cha batani kinachokaa na chaji siku kadhaa. Bando likiisha, ananibipu mara moja kabla ya saa tatu. Mimi sipokei, naikata na kumpigia. Bipu haihitaji intaneti wala haili salio. Wapo wanaosema wazee hawaiwezi teknolojia. Hao hawajawahi kukaa na mwanamke wa Tandika anayebana vocha.

Dhana: Akikaa kimya, nitajua la kufanya

Hii ndiyo iliyonipa kazi kubwa, na ndiyo watu wengi wanaoiruka. Tunaipanga meseji, hatuupangi ukimya. Siku meseji isipokuja, mtoto anapiga mara kumi na tano, anatupa taharuki kwenye grupu la familia, dada wa Mwanza anaanza kulia, na mpaka saa sita mchana hakuna hata mtu mmoja aliyegonga mlango.

Ukweli: Mtu akianguka asiweze kuinuka, muda aliolala sakafuni ni hatari ya peke yake hata kama hakuvunjika mfupa. Ukishapita saa moja, madhara huanza kujikusanya: ngozi inaumia pale alipolalia, misuli inaharibika, mwili unakauka maji. Kwa kiharusi, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu, na zinahesabiwa tangu mgonjwa alipojulikana kuwa mzima kwa mara ya mwisho. Si kila hospitali inayo, lakini daktari yeyote atauliza saa hiyo. Hapo meseji ya asubuhi ina thamani ambayo wengi hatuijui: inakupa saa ya kutaja.

Mpango wetu tuliuandika kwenye karatasi tukiwa sebuleni kwake, na yeye ndiye aliyechagua majina. Saa tatu imepita, napiga simu zote mbili. Saa tatu na nusu, nampigia mama wa gengeni, nyumba ya tatu kutoka pale, anaenda kugonga. Hakuna jibu, anafungua kwa ufunguo alionao. Ukishindikana mlango, anaitwa mjumbe ashuhudie kabla haujavunjwa. Grupu la familia linaambiwa baada ya mlango kufunguka, si kabla.

Tulipoujaribu ule ufunguo, ukagoma. Ufunguo wenyewe ulikuwa sahihi, ila mama analala na komeo la ndani, na geti la nondo analifunga kwa kufuli upande wa ndani pia. Jirani angefika na ufunguo wake mkononi akabaki kupiga hodi. Tuliliondoa komeo tukaweka kitasa kinachofunguka pande zote mbili, na kufuli la geti likahamishiwa mahali mkono unapofika kutoka nje. Kama umempa mtu ufunguo wa mzazi wako, nenda mkaujaribu usiku mlango ukiwa umefungwa kama anavyoufunga yeye akilala. Mama aliweka sharti lake: mama wa gengeni haingii bila kugonga mara tatu na kutaja jina. Tumeliandika nalo kwenye karatasi.

Dhana: Maandishi na sauti ni kitu kimoja

Ukweli: Maandishi yanasema yuko hai, sauti inasema yukoje. Wale wa kutumiwa picha za maua zenye "asubuhi njema" wanajua zaidi kwamba kidole cha mzazi kinafanya kazi.

Mwaka jana, Jumanne moja, mama alituma voisi badala ya kuandika. Sekunde kumi na mbili. Alisalimia, akanitaja kwa jina la mjomba, na maneno yalikuwa yanaburuta kama ya mtu aliyeamshwa usingizini. Anatumia vidonge vya kisukari, wakati ule glibenklamaidi, ambavyo vinashusha sukari hata kama tumbo ni tupu, na kwa wazee vinaweza kuishusha mno. Lakini maneno kuburuta yanaweza pia kuwa kiharusi, na sikuwa na namna ya kuvitofautisha nikiwa Goba. Sikumuuliza "Mama, umekula?" Nilimpigia jirani.

Alimkuta amekaa kitandani, anatoka jasho, anatetemeka, lakini anameza vizuri. Mashine ya sukari ilikuwa pale pale mezani: 2.9 mmol/L. Chini ya 4 ni ya kushughulikiwa mara moja. Akampa maji yenye vijiko vinne vya chai vya sukari, wakangoja dakika 15, wakapima tena: 4.6. Maneno yakanyooka, akauliza kwa nini genge limeachwa peke yake. Usiku alikuwa amekunywa dawa, chakula akakiacha. Kama asingekuwa anameza, au angekuwa hajitambui, hakuna kumtia chochote mdomoni. Ni bajaji na hospitali moja kwa moja. Na hata alipopata nafuu alipewa chakula na kupelekwa, kwa sababu dawa ile hukaa mwilini muda mrefu na sukari inaweza kushuka tena baadaye. Daktari alimbadilishia kidonge.

Sikumwambia kuanzia leo utume voisi kila siku. Nilianza kumtumia mimi. Naye anajibu kwa kilekile anachotumiwa.

Dhana: Mkishapatana saa, mmemaliza

Hii ni fupi. Saa nayo inahama. Siku ya kwanza ya Ramadhani iliyofuata, saa tatu ilipita kimya, simu zikaita bila jibu, na saa tatu na nusu mama wa gengeni akagonga mara tatu na kutaja jina, kama karatasi inavyotaka. Mama alikuwa amekula daku, akaswali, akarudi kulala. Alifungua mlango akiwa amejifunga kanga, macho hayajafunguka vizuri, akasema, "Mwambie mwanangu nimefunga, sijafa."

Ramadhani sasa saa yetu ni tano.