Seli ya ukolezi: sifuri ya hali sanifu si sifuri ya seli

Nimeisikia tena sentensi ile ile, safari hii kutoka kwa mwanafunzi makini kabisa: "Seli ya ukolezi haina volteji, kwa sababu E° yake ni sifuri." E° ni potenshali sanifu, yaani volteji ya seli katika hali sanifu. Nusu ya pili ya sentensi hiyo ni kweli, na ndiyo inayoifanya nusu ya kwanza iaminike.

Seli ya ukolezi ni seli ambayo elektrodi zake mbili ni za metali moja, na zimetumbukizwa katika miyeyusho ya ayoni zilezile, ila mmoja umekolea kuliko mwingine. Volteji yake, E, hupatikana kwa mlinganyo alioutoa Mjerumani Walther Nernst mwaka 1889, ambamo R ni kidumu cha gesi, T ni joto katika kelvini, n ni idadi ya elektroni zinazohamishwa, F ni kidumu cha Faraday, na Q, kwa seli hii, ni ukolezi wa upande wa anodi ukigawanywa kwa ule wa kathodi:

```
E = E° − (RT/nF) ln Q
```

Kosa lenyewe, kwa maoni yangu, linaanzia kwenye neno "sanifu". Wengi wetu huisoma "hali sanifu" kana kwamba ni "hali ya kawaida", yaani hali ambayo vitu huwa nayo vikiachwa vyenyewe. Sivyo. Kiswahili sanifu hakiitwi hivyo kwa kuwa ndicho kinachosemwa na kila mtu kila siku, bali kwa kuwa kimekubaliwa kuwa kipimo ambacho lahaja nyingine hulinganishwa nacho. Vivyo hivyo, hali sanifu ya mmumunyo ni ukolezi wa mol 1 kwa lita uliokubaliwa kuwa mahali pa kuanzia kuhesabu, na miyeyusho mingi ya maabara haiko hapo. Kile kiduara kidogo juu ya E hakisemi lolote kuhusu bika lililo mbele yako. Kinasema tu volteji ingekuwa kiasi gani laiti pande zote mbili zingekuwa na mol 1 kwa lita, na katika seli ya ukolezi pande hizo zingekuwa sawasawa kabisa, kwa hiyo jibu haliwezi kuwa jingine ila sifuri.

Tuchukue mabamba mawili ya shaba, moja katika salfeti ya shaba ya 0.0010 mol/L, jingine katika ile ya 0.10 mol/L, yakiunganishwa kwa daraja la chumvi katika nyuzi 25 za Selsiasi. Hakuna upande wowote ulio sanifu hapa. Shaba itayeyuka upande mwepesi, ambao ndio anodi, na itajishikiza upande uliokolea, kwa hiyo ukolezi wa upande mwepesi hukaa juu katika Q. Kila ayoni ya shaba huhusisha elektroni mbili, na katika joto hili RT/F pamoja na ln huandikwa kwa kifupi 0.0592 log:

```
E = 0 − (0.0592/2) log (0.0010/0.10) = +0.059 V
```

Mwenye kupindua sehemu hiyo atapata −0.059 V. Hilo halimaanishi kwamba seli imekufa, bali kwamba ameipa anodi jina la kathodi. Seli ikiachwa ifanye kazi, bamba la upande mwepesi hukonda na lile jingine huvaa tabaka jipya la shaba, na kama ujazo wa pande mbili ni sawa, zote zitakutana kwenye 0.0505 mol/L. Hapo volteji ni sifuri kweli, ingawa hali si sanifu hata kidogo. Hii sifuri inatokana na msawazo, ilhali sifuri ya E° ilikuwapo tangu mwanzo na haikubadilika.

Namba 0.0592 nayo isichukuliwe kuwa ya kudumu, kwa kuwa imebeba joto la 298 K ndani yake. Seli hiyo hiyo ikipashwa hadi nyuzi 60, namba hiyo inakuwa 0.0661, na volteji ya hesabu inapanda hadi 0.066 V, huku E° ikibaki sifuri, maana pande mbili zinazofanana hubaki zikifanana katika joto lolote.

Usishangae voltimita ikionyesha chini ya hapo, pengine karibu na 0.04 V katika nyuzi 25. Katika mmumunyo wa 0.10 mol/L, ayoni za shaba na za salfeti huvutana kwa nguvu kiasi kwamba sehemu kubwa yake haitendi kama ayoni huru, na Q halisi hujengwa kwa ukolezi unaotenda, si ule ulioandikwa kwenye chupa. Upande mwepesi hauathiriki sana, hivyo pengo la kweli kati ya pande mbili ni dogo kuliko mara 100.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukitaka kuitaja sifuri hiyo, sema tu kwamba potenshali sanifu ya seli ya ukolezi ni sifuri, kisha uangalie uwiano wa miyeyusho miwili kabla ya kusema lolote kuhusu volteji yake.