Muda wa majaribio kazini Kenya: maana yake na haki zinazobaki

Muda wa majaribio ni miezi ya mwanzo ambapo mwajiri anampima mfanyakazi kabla ya kumthibitisha. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 imeuwekea mpaka: usizidi miezi sita. Unaweza kuongezwa miezi mingine isiyozidi sita, lakini mfanyakazi mwenyewe akubali. Hapa ndipo waajiri wengi huteleza. Miezi sita huisha, barua ya kuthibitishwa haiji, na mtu huambiwa kwa mdomo kwamba "bado tunakuangalia". Sheria inataka kuongeza muda kuwe makubaliano, si tangazo la bosi.

Tofauti kubwa na ajira iliyothibitishwa ni notisi. Katika majaribio, upande wowote unaweza kuvunja mkataba kwa notisi ya siku saba tu, au kwa kulipa mshahara wa siku hizo.

Je, unaweza kufukuzwa bila kusikilizwa? Sheria ilivyoandikwa ilimruhusu mwajiri kuruka hatua hiyo. Mwaka 2021 majaji watatu wa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi waliamua kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Kwa msimamo huo, anayelaumiwa kwa utendaji duni au utovu wa nidhamu anapaswa kuelezwa kosa kwa lugha anayoielewa, na ajitetee akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama. Ujauzito, dini, kabila au kujiunga na chama cha wafanyakazi havikuwa sababu halali za kumwachisha mtu kazi hata kabla ya uamuzi huo.

Tuseme mtunza stoo wa Mombasa alianza kazi Februari 1 kwa mshahara wa shilingi 36,000. Juni 30 anaambiwa asirudi kesho, bila notisi. Tukigawa mshahara kwa siku 30, siku moja ni shilingi 1,200. Badala ya notisi anadai siku saba, yaani 8,400. Kuna pia likizo, ambayo wengi huisahau kwa kudhani ni ya waliomaliza mwaka. Ukishafanya kazi miezi miwili mfululizo, ukiondoka unalipwa angalau siku 1.75 za likizo kwa kila mwezi. Miezi yake mitano ni siku 8.75, sawa na shilingi 10,500. Ongeza mshahara wa Juni, jumla ni 54,900 kabla ya makato.

Adai pia cheti cha utumishi, kwani kila aliyefanya kazi wiki nne mfululizo au zaidi anastahili kupewa. Kama hakuelezwa kosa wala kusikilizwa, hilo ni dai jingine, kando na hesabu hii. Barua ya ajira, hati za mshahara na ujumbe wa simu aliotumiwa avihifadhi; bila hivyo hata tarehe aliyoanza kazi inaweza kubishaniwa.