Neno lisilosomeka: mfasiri aandike nini?

Je, wajua mfasiri huandika nini pale skani ya hati ya zamani inapokuwa na neno lisilosomeka?

Huweka mabano ya mraba, na ndani yake hueleza kilichomzuia kusoma. Kuandika [halisomeki] tu hakutoshi. Karatasi ikiwa imetoboka, neno limepotea. Lakini ikiwa ni skani ndiyo iliyofifia, msomaji anaweza kuomba picha nyingine ya ukurasa uleule. Ndiyo maana [karatasi imechanika, takriban maneno 3] na [limefifia kwenye skani, neno 1] ni taarifa mbili tofauti.

Wahariri wa maandishi ya kale wana utaratibu wao, Kaida za Leiden za mwaka 1931: nukta ndani ya mabano huonyesha idadi ya herufi zilizopotea. Mfasiri akiziiga nukta hizo anadanganya bila kukusudia, kwa kuwa herufi tano za lugha moja si herufi tano za lugha nyingine. Yeye ahesabu maneno au mistari.

Kazi ngumu zaidi ni neno linalosomeka nusu. Chukua daftari la vifo la kanisa, la Kijerumani, karne ya 19. Kwenye safu ya chanzo cha kifo doa limefunika mwanzo wa neno, umebaki mwisho wake tu: «-sucht». Hapo pana angalau maradhi matatu: Schwindsucht ni kifua kikuu, Wassersucht ni mwili kujaa maji, Gelbsucht ni ngozi na macho kugeuka manjano. Nusu ya neno haifasiriki, na kuchagua «kifua kikuu» kwa sababu kilikuwa kimeenea ni kubahatisha.

Kwanza pima doa kwa mwandiko wa karani huyohuyo. Gelb ina herufi nne, Wasser sita, Schwind saba. Doa jembamba huiondoa ya mwisho. Kisha tazama chini ya doa. Katika mwandiko wa Kijerumani wa zamani, s ndefu hushuka chini ya mstari, hivyo mikia miwili iliyokaribiana katikati huashiria Wasser. Usipoiona, usiseme haipo: huenda skani ndiyo imeimeza.

Ukiiona, andika «mwili kujaa maji [?]», na maelezo chini ya ukurasa yataje doa na mikia. Usipoiona, andika: [jina la ugonjwa, mwanzo umefunikwa na doa; mwisho ni «-sucht»]. Neno la asili libaki humo, maana atakayepata picha bora ataanzia hapo.

Kwa tarehe mimi ni mkali zaidi. Tarakimu yenye shaka haikisiwi hata kidogo: 1[?] Machi 1847, basi. Alama ikae palepale penye shaka. Ukiisukuma mwisho wa sentensi, msomaji atadhani mwaka ndio usioaminika.