Je, tps ikipanda kwenye pgbench, usanidi mpya ni bora?

“Nimeendesha pgbench, zana ya kupima kasi ya hifadhidata ya PostgreSQL, mara moja kabla ya kubadili usanidi na mara moja baadaye. Tps, yaani idadi ya miamala kwa sekunde, imepanda, kwa hiyo mabadiliko yamefaa, sivyo?”

Huenda, lakini hujajua namba hizo huyumba kiasi gani zenyewe. Jaza data, kisha endesha amri ya pili mara tatu kabla ya kugusa chochote:

```
pgbench -i -s 100 jaribio
pgbench -c 10 -j 2 -T 600 jaribio
```

Ukiacha `-s`, jedwali la `pgbench_branches` huwa na safu mlalo moja tu. Wateja wote kumi hupanga foleni kuisasisha, nawe unapima foleni, si seva. Dakika kumi nazo zina sababu: `checkpoint_timeout`, muda ambao kila ukipita seva huandika diskini data iliyobadilika, kwa kawaida ni dakika tano, na jaribio la nusu dakika laweza kuikosa kazi hiyo nzito ya diski.

Tuseme umepata 812, 905 na 848. Unapandisha `shared_buffers`, kumbukumbu ambamo seva huweka data inayotumika, kutoka 128MB hadi 2GB, unawasha seva upya, unapata 890. Bado umo ndani ya myumbo uleule. Isitoshe, seva iliyowashwa upya huanza na kumbukumbu tupu, hivyo jaribio la kwanza litupe. Yanayofuata yakitoa 1140, 1175 na 1120, hapo kuna jambo.

Hapa Kampala mimi huangalia pia umeme. Siku moja ulikatika katikati ya jaribio, kompyuta ikahamia betri na kupunguza kasi, nami nikaulaumu usanidi bure.