Kosa sanifu pale fomula inapokosekana: butstrapu kwa namba 11

Kila anayefanya takwimu ameshakutana na swali hili: umeandika kwenye ripoti kwamba mediani ya muda wa kusubiri ni dakika 12, na mtu anataka kujua namba hiyo inayumba kiasi gani. Ungekuwa umeandika wastani, jibu lingekuwa mkononi. Unachukua mkengeuko sanifu, unaugawa kwa kipeuo cha pili cha idadi ya vipimo, umemaliza. Mediani haina urahisi huo. Fomula ya sampuli kubwa ipo, lakini inakutaka ujue urefu wa mkunjo wa mtawanyo hasa pale kwenye mediani ya kundi zima, yaani kitu ambacho ungekuwa nacho usingekuwa unahangaika. Na ukihamia kwenye uwiano wa mediani mbili, hata fomula hiyo ya kusumbua huipati kwa urahisi.

Hapo ndipo mimi hutumia butstrapu, mbinu aliyoitoa Bradley Efron wa Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1979. Hoja yake ni hii. Kosa sanifu linaeleza namba yako ingebadilika kiasi gani kama ungerudia utafiti mara nyingi, kila mara ukichota watu wapya kutoka kundi lile lile. Kurudia utafiti huwezi. Lakini sampuli uliyonayo ndiyo picha bora ya kundi hilo uliyo nayo, basi ichukue kana kwamba ndilo kundi lenyewe, uchote humo.

Hizi hapa dakika walizosubiri watu 11: 4, 6, 7, 9, 10, 12, 13, 17, 22, 31, 58. Ya sita ni 12, ndiyo mediani. Wastani ni 17.2, umevutwa juu na yule aliyesubiri dakika 58, na kosa sanifu lake kwa fomula ni 4.7. La mediani tunalitafuta hivi, kwa lugha ya programu ya R:

```r
x <- c(4, 6, 7, 9, 10, 12, 13, 17, 22, 31, 58)
set.seed(7)
m <- replicate(5000, median(sample(x, replace = TRUE)))
sd(m)
table(m)
```

Kazi yote iko kwenye mstari wa tatu. `sample(x, replace = TRUE)` inachota namba 11 kutoka zile 11, na kila inayochotwa inarudishwa kabla ya kuchota nyingine. Kwa hiyo 58 inaweza kutokea mara mbili, au isitokee kabisa. Tunachukua mediani ya mchoto huo, tunarudia mara 5000, kisha tunaangalia mediani hizo 5000 zimetawanyika kiasi gani. Mkengeuko sanifu wao ndio kosa sanifu tulilokuwa tunalitafuta, na hapa ni karibu 3.7.

Mbegu, yaani ile 7 ndani ya `set.seed`, ukiibadilisha, desimali zitacheza kidogo. Mimi nina uhakika na hiyo 3.7 kwa sababu mediani ya sampuli yenye idadi witiri ina nafuu yake: unaweza kupata jibu kamili la butstrapu bila kuchota chochote, kwa hesabu ya binomia tu.

```r
p <- diff(c(0, 1 - pbinom(5, 11, (1:11)/11)))
sqrt(sum(p * x^2) - sum(p * x)^2)
```

Inatoa 3.70. Huwa nawapa wanafunzi mistari hii miwili pale wanaposhuku kwamba uchotaji ni kamari. Kamari ni sehemu ndogo tu, na inapungua kadiri unavyoongeza marudio.

Makosa mawili ya kuandika msimbo nayaona kila mara. La kwanza ni kusahau `replace = TRUE`. R haitalalamika, itakuchanganyia tu mpangilio wa namba zile zile 11, mediani itatoka 12 mara zote 5000, na `sd(m)` itakuwa sifuri. Ukiona sifuri, umeshajua. La pili halijitangazi: mtu anachukua `sd(m)` halafu anaigawa tena kwa kipeuo cha pili cha 5000, kwa mazoea ya fomula ya wastani. Usigawe. Mtawanyo wa mediani hizo tayari ndio kosa sanifu. Dalili ya kosa hili ni kwamba ukiongeza marudio kutoka 5000 hadi 50000 jibu lako linazidi kusinyaa, wakati lilipaswa kutulia pale pale. Kompyuta kufanya kazi zaidi hakukuongezei watu uliowapima.

Sasa itazame `table(m)`. Mediani za michoto haziwezi kuwa namba yoyote ile. Ni lazima ziwe mojawapo ya zile 11. Karibu robo ya michoto inatoa 12 yenyewe, na karibu theluthi mbili zinaangukia 10, 12 au 13. Huo si mkunjo laini, ni ngazi. Kwa kosa sanifu ngazi hizo nazivumilia, ila kwa sampuli ndogo namna hii 3.7 naisoma kama “kati ya tatu na nne na kitu”, wala siandiki desimali tatu.

Ngazi hizo zikizidi, mbinu inavunjika. Badala ya `median` weka `max`, yaani kilele, namba kubwa kuliko zote. Uwezekano wa 58 kukosekana kwenye mchoto mzima ni (10/11)^11, yaani 0.35, kwa hiyo asilimia 65 ya michoto itakupa kilele kile kile cha 58, na hakuna mchoto utakaokupa 59. `sd(m)` itatoa namba bila aibu, lakini haina maana yoyote kuhusu kilele cha kundi zima. Hata ukiwa na watu elfu kumi, uwezekano wa mchoto kukupa kilele kile kile hushuka hadi kama asilimia 63 tu na kubaki hapo. Kwa kilele na kima cha chini, butstrapu hii ya kawaida iache.

Kosa lililowahi kuniumbua mimi ni la aina nyingine. Nilipewa jedwali ambamo kila mtu alipimwa mara kadhaa, nami nikachota mistari kana kwamba kila mstari ni mtu wake. Kosa sanifu likatoka dogo, nikafurahi. Kuona ubaya wake, weka `x <- rep(x, 5)` kwenye msimbo wa kwanza: ni watu wale wale, dakika zile zile, zimenakiliwa mara tano. Hakuna ulichojifunza zaidi, lakini `sd(m)` inashuka kutoka 3.7 hadi karibu 1.3. Vipimo vya mtu mmoja si nakala kamili, lakini hufanana, na kufanana huko kunadanganya kwa njia hiyo hiyo.

Dawa yake ni kuchota watu, kila mmoja na vipimo vyake vyote. Kama jedwali linaitwa `d`, lenye safu `mtu` na `dakika`:

```r
g <- split(d$dakika, d$mtu)
m <- replicate(5000, {
  w <- sample(names(g), replace = TRUE)
  median(unlist(g[w]))
})
sd(m)
```

Siku hizi, kabla sijaandika `sample`, nauliza kwanza utafiti ukirudiwa ni kipi kitachotwa upya: mtu, darasa, au siku. Hicho ndicho naweka ndani ya mabano.